Mvuke wa chai unatoka kama pamba

"Nikipaka mvuke juu ya picha ya kikombe kwenye Photoshop unakuwa kama pamba, nakosea wapi?"

Brashi yako nzito mkuu. Weka Hardness 0%, Flow kama 5%, paka kwenye leya mpya ya Screen, halafu kazi yenyewe iko kwenye Layer Mask, chukua brashi nyeusi laini utoboe toboe katikati na ufifishe kule juu, maana mvuke wa kweli unakatika katika. Kuna mwenzetu amejibu kwamba Gaussian Blur inatosha, yuko nusu sahihi, inalainisha tu, pamba inabaki pamba. Juzi nilifanya picha ya chai ya mgahawa mmoja hapa Uyole, mvuke uliofunika ukingo wa mbele wa kikombe nikaufuta kwenye maski, mvuke ukaonekana unatoka ndani. Ila kama nyuma ni ukuta mweupe hautaonekana, labda uutie giza kwanza.