Kabla hujamhamisha meneja wa tawi kwa sababu ya wastani

Grafu yangu ilikuwa na nguzo tatu: Stendi 7, Hospitali 6, Sokoni 5. Hizo ni alama za kuridhika kwa wanachama, kuanzia 0 hadi 10, katika matawi matatu ya chama kimoja cha akiba na mikopo nilichokuwa nafanyia kazi. Bosi aliitazama kwa muda mfupi kuliko ule nilioutumia kuchagua rangi, akasema meneja wa Sokoni ahamishwe. Barua ikaanza kuandikwa siku hiyohiyo.

Aliyeisimamisha ni mama mmoja wa ukaguzi wa ndani, aliyekuwa amebakiza miezi michache astaafu. Nilimwamkia, nikamwonyesha grafu nikitarajia pongezi. Akaniuliza, "Mwanangu, na hao wa Sokoni wenyewe kwa wenyewe wanakubaliana?" Sikuwa na jibu. Nilijua wastani wa kila tawi, lakini sikujua watu waliouzaa huo wastani walikuwa wametawanyika kiasi gani.

Swali lake ndilo roho ya uchanganuzi wa variansi, ule ambao wengi tunauita anova kwa kifupi. Nitakueleza kwa namba chache nilizozitunga ziwe nyepesi, wanachama watano kwa kila tawi. Sisi tulikuwa na fomu 40 kila tawi, lakini mantiki ni ileile.

Hali ya kwanza:

Stendi: 6, 7, 8, 7, 7
Hospitali: 6, 5, 7, 6, 6
Sokoni: 5, 6, 5, 4, 5

Hali ya pili:

Stendi: 10, 4, 9, 3, 9
Hospitali: 2, 10, 6, 9, 3
Sokoni: 1, 9, 4, 8, 3

Piga hesabu mwenyewe: katika hali zote mbili wastani ni 7, 6 na 5. Grafu ya nguzo itakuwa ileile kabisa. Lakini tazama watu. Katika hali ya kwanza, mtu wa Sokoni aliyefurahi kuliko wenzake wote alitoa 6, alama ambayo Stendi ndiyo ya chini kabisa. Hapo tawi lina kitu chake. Katika hali ya pili, Sokoni yupo aliyetoa 9 na Stendi yupo aliyetoa 3. Ukiokota fomu moja chini, huwezi hata kubahatisha imetoka tawi gani.

Anova inafanya mizani ya vitu viwili. Upande mmoja inaweka jinsi wastani wa matawi ulivyoachana, upande wa pili inaweka jinsi watu wa tawi moja walivyoachana wao kwa wao. Kisha inagawa cha kwanza kwa cha pili, na jibu linaitwa F. Herufi hiyo ni heshima kwa Ronald Fisher, Mwingereza aliyeikuza mbinu hii miaka ya 1920 katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted. Yeye alikuwa akilinganisha mavuno ya vipande vya shamba, na tatizo lake lilikuwa hilihili: hata vipande viwili vilivyotiwa mbolea moja havitoi mavuno sawa.

Sasa tupime. Wastani wa wote 15 ni 6. Stendi iko juu yake kwa 1, Sokoni iko chini kwa 1, Hospitali haijasogea. Zidisha kila umbali kwa wenyewe, upate 1, 1 na 0, kisha kila kimoja uzidishe kwa watu watano. Jumla ni 10. Igawe kwa 2 (matawi matatu toa moja), unapata 5. Huo ndio uzito wa tofauti kati ya matawi, na ni uleule katika hali zote mbili.

Upande wa pili, chukua kila mtu umtoe kwenye wastani wa tawi lake, zidisha tofauti kwa yenyewe, jumlisha. Hali ya kwanza inatoa 6, hali ya pili inatoa 138. Gawa kwa 12, yaani watu 15 toa matawi 3, kwa sababu ukishajua wastani wa tawi na alama za watu wanne, ya mtu wa tano inajulikana yenyewe. Unapata 0.5 kwa hali ya kwanza na 11.5 kwa ya pili.

Kwa hiyo F ya kwanza ni 5 kwa 0.5, sawa na 10. Ya pili ni 5 kwa 11.5, kama 0.43. Nguzo zilezile, F mbili zisizofanana hata kidogo.

F ya 10 ni kubwa? Hapa ndipo vitabu vingi hutupa jedwali na kukuacha njiani. Mimi hulieleza kwa fomu za karatasi. Chukua fomu zote 15, ufute jina la tawi, uzichanganye kama karata, kisha uzigawe mafungu matatu ya tano tano. Mafungu hayo hayana maana yoyote, lakini wastani wake mara nyingi hautalingana. Bahati tu ya mgao itauyumbisha. Hesabu F yake. Changanya tena, hesabu tena, mara elfu moja. Kwa kuwa ni bahati tupu, F nyingi zitazunguka jirani na 1 au chini yake. Mara ngapi bahati itafikia 10 au kuipita? Kwa hali ya kwanza ni mara nne au tano tu katika elfu. Thamani ya p unayoiona kwenye kompyuta inajibu swali hilohilo kwa fomula badala ya kuchanganya karatasi, na inatoka jirani: 0.003. Kwa hali ya pili, bahati inafikia F ya 0.43 karibu mara mbili katika kila tatu. Kumhamisha mtu kwa ushahidi huo ni sawa na kumhamisha kwa kurusha shilingi.

Kwenye Excel, washa kwanza nyongeza ya `Analysis ToolPak`, nenda `Data Analysis`, chagua `Anova: Single Factor`, kila tawi likae safu yake. Ukiweka namba zangu utaona F na `P-value` hizohizo.

Nakiri kwamba kabla ya kukutana na anova nilikuwa nalinganisha matawi mawili mawili: Stendi na Sokoni, Stendi na Hospitali, na kuendelea. Ubaya wake ni huu. Kila jaribio moja unaliruhusu likudanganye mara 5 katika 100. Matawi matatu ni majaribio matatu, na kama kila jaribio lingekuwa la peke yake, nafasi ya kudanganywa walau mara moja inafika kama 14 katika 100. Matawi matano ni majaribio kumi, na nafasi inafika 40 katika 100. Ukitafuta hivyo huwezi kukosa tawi la kulaumu. Anova inauliza swali moja kwa matawi yote kwa pamoja: je, kuna lolote lililojitenga?

Ikisema ndiyo, bado haijakwambia ni lipi. Hapo linakuja jaribio la Tukey, linalolinganisha mawili mawili huku likidhibiti ule udanganyifu wa kurudia. Excel yenyewe hailitoi, kwa hiyo mimi hutumia programu ya R, ambayo ni ya bure, nikiwa na jedwali `d` lenye safu mbili, `alama` na `tawi`:

```
m <- aov(alama ~ tawi, data = d)
summary(m)
TukeyHSD(m)
```

Kwa hali ya kwanza, Tukey anadai matawi mawili yaachane kwa karibu alama 1.2 ndipo tuamini tofauti. Stendi na Sokoni zimeachana kwa 2, zimepita. Hospitali imeachana na kila mwenzake kwa 1 tu, haijapita. Sasa hapa mameneja huchanganyikiwa: Hospitali haitofautiani na Stendi, haitofautiani na Sokoni, lakini Stendi na Sokoni zinatofautiana? Ndiyo. "Hatujaona tofauti" si sawa na "ziko sawa". Hospitali iko katikati, na kwa watu watano hatuna macho ya kuona iko karibu na nani. Siku hizi naandika hivyo kwenye ripoti waziwazi, maana nikiacha mwanya kuna mtu atapanga orodha ya wa kwanza, wa pili na wa mwisho.

Jambo moja la kuangalia kabla ya kuamini F: Excel inakupa safu ya `Variance` kwa kila tawi. Ikiwa tawi moja limetawanyika mara nne au zaidi ya jingine, na hasa kama hilo ndilo lenye fomu chache, anova ya kawaida itapiga kelele za moto pasipo moto. Tumia ya Welch, ambayo haidai mtawanyiko ulingane. Kwenye R ni `oneway.test(alama ~ tawi, data = d)`.

Basi nilirudi ofisini nikafanya kila kitu kwa utaratibu. Fomu zetu 120 zilifanana zaidi na hali ya kwanza. P ikawa chini ya 0.01, Tukey akaitaja Stendi na Sokoni. Nikampelekea yule mama kwa furaha kidogo, maana sasa barua ilikuwa na takwimu nyuma yake. Alisoma mpaka mwisho, akavua miwani. "Fomu za Sokoni mlizijaza siku gani?"

Siku ya gulio. Karani wetu aliona ndiyo siku rahisi ya kupata watu 40 haraka. Stendi na Hospitali zilijazwa Jumanne na Jumatano, katikati ya mwezi, ofisi zikiwa tulivu. Anova haikukosea: makundi yale matatu ya fomu yalitofautiana kweli. Ila haijui kama kinachoyatofautisha ni tawi, siku, foleni, au karani anayewapa fomu wale anaowafahamu. Inajua tu kwamba makundi yameachana kuliko bahati inavyoweza kueleza.

Tulirudia, matawi yote siku za kawaida, wiki ileile, fomu ikipewa kila mtu wa tano anayetoka mlangoni. Namba ya uanachama ilitusaidia kuondoa watu waliojaza kwenye matawi mawili, kwa kuwa anova inahesabu kila fomu kama mtu mpya. Safari hii Sokoni ilikuwa nyuma ya Stendi kwa sehemu tatu za kumi ya alama, na p ikaja 0.31. Niliandika kwamba siku za kawaida hatujaona tofauti kati ya matawi, na kwamba malalamiko ya gulio ni suala la kuchunguzwa peke yake.

Lilichunguzwa kwa kusimama pale na saa mkononi. Siku ya gulio Sokoni lilifunguliwa dirisha moja la malipo, kama siku nyingine zote. Meneja alikuwa ameomba la pili mara mbili kwa maandishi.