Tangazo la podikasti: nani anaongea, kuhusu nini, nasikilizia wapi

Rafiki yangu anaendesha podikasti ya watu wa pwani, na kabla hajarusha tangazo la kipindi kipya hunitumia kwanza nilipitie. Hili hapa ni mojawapo, karibu kama lilivyokuja:

"HATIMAYE!!! Sehemu ya 14 ya podikasti yenu pendwa iko hewani! Wiki hii tumekaa na mgeni wa kipekee kabisa, mwanamama shupavu na mpambanaji wa kweli. Tumezungumza mambo mengi kuhusu maisha, bahari, changamoto na fursa zilizopo. Si ya kukosa! Inapatikana kwenye majukwaa yote. Linki iko kwenye bayo."

Aliyepokea haya kwenye kundi la WhatsApp hajui mgeni ni nani, hajui wameongea nini, na kundi la WhatsApp halina bayo. Maneno yalitungwa kwa ajili ya Instagram, yakabandikwa kila mahali.

Kipindi chenyewe kilikuwa kizuri mno. Mgeni, ambaye hapa nitamwita Bi Fulani, analima mwani Paje, pwani ya mashariki ya Unguja. Aliongea karibu dakika 40, na humo ndani kuna maisha, bahari, changamoto na fursa kweli. Tatizo ni kwamba maneno hayo manne yangemfaa hata mvuvi wa pweza, hata mwenye hoteli.

Kazi ya kwanza, basi, ni kutafuta mada, na mada haipatikani kwa kukumbuka. Nilirudi kwenye rekodi nikawa natafuta mahali ambapo mtangazaji ameacha kusema "sawa, sawa" akaanza kuuliza kwa hamu. Ilikuwa dakika ya 18. Bi Fulani anaeleza kwamba mwani aina ya kotonii, ambao bei yake ni nzuri kuliko spinosamu, unakufa kwenye maji ya kina kifupi kwa sababu maji yamekuwa ya moto. Dawa ni kuuhamishia kina kirefu. Lakini kina kifupi unakiendea kwa miguu maji yakikupwa, ilhali kina kirefu kinataka chombo na kinataka ujue kuogelea. Wakulima wengi wa mwani Zanzibar ni wanawake, na wengi wao hawakufundishwa kuogelea.

Hapo nikajua tumepata. Ukiweza kuisema mada kwa sentensi moja yenye kitu kinachotokea na kizuizi chake, acha kuchimba. Ukiona sentensi yako ina "kuhusu" ikifuatwa na orodha ya nomino, bado.

Kuhusu mgeni, watu wengi hudhani kumtambulisha ni kumsifu. "Shupavu" ni maoni ya mtangazaji. Msikilizaji anataka kujua huyu mtu anaongea akiwa amesimama wapi. Jina, kazi na mahali vinatosha, ukiongeza kitu kimoja tu kinachompa haki ya kuongelea mada hii. Bi Fulani ana watoto, ana duka dogo, aliwahi kuwa mwenyekiti wa kikundi. Vyote vya kweli, lakini kinachohusika hapa ni kwamba alilima kotonii kina kifupi hadi ikamfia, ndipo akajifunza kuogelea. Halafu mpigie mgeni umsomee ulichoandika. Rafiki yangu alikuwa ameandika "mjasiriamali wa mazao ya bahari". Bi Fulani akacheka, "Mwanangu, andika mkulima wa mwani, watu wa Paje wanielewe." Simu hiyo hiyo ndiyo ya kuhakikisha herufi za jina lake na kumuuliza kama ameridhia jina lizunguke kwenye makundi.

Sasa sehemu inayowaponza wengi: wapi pa kusikilizia. "Majukwaa yote" si mahali. Chagua linki moja iwe mlango mkuu, na iwe ya kipindi hicho, si ya podikasti nzima. Kwenye Spotify utofauti unauona kwenye anwani yenyewe:

```
open.spotify.com/show/...
open.spotify.com/episode/...
```

Ya kwanza inampeleka msikilizaji kwenye ukurasa wa podikasti. Leo sehemu ya 14 inaweza kuwa juu kabisa, lakini wiki ijayo atakayebofya tangazo lile lile atakutana na ya 15. Ya pili inafungua kipindi chenyewe daima. Kuna pia wanaonakili anwani wakiwa ndani ya akaunti yao ya kupakia vipindi. Kwao inafunguka vizuri, kwa wengine inadai nywila. Kinga ni rahisi: ifungue linki kwenye dirisha la faragha la kivinjari, au kwenye simu ya mtu asiyehusika. Hapo hapo utaona kama kipindi kimeshafika, maana jukwaa moja linaweza kukionyesha mapema na jingine likachelewa.

Kwa makundi ya huku kwetu mimi hupendelea YouTube iwe mlango mkuu. Simu nyingi za Android zinakuja nayo, na msikilizaji hahitaji kujisajili. Isitoshe, unaweza kumpeleka moja kwa moja dakika ya 18 na sekunde ya 40 kwa kuongeza `?t=1120` mwishoni mwa linki fupi ya youtu.be, au `&t=1120` kama linki tayari ina alama ya `?`, yaani sekunde 1,120. Hiyo niliitumia kwenye ujumbe wa pili, siku iliyofuata. Wa kwanza uanzie mwanzo.

Baada ya hayo yote tangazo likawa hivi:

"Kotonii inakufa kina kifupi. Kina kirefu kinataka kuogelea.
Bi Fulani, mkulima wa mwani wa Paje, anasimulia mwani wake ulivyokufa na alivyojifunza kuogelea ukubwani ili aendelee kulima.
Dakika 38, Kiswahili. Sikiliza YouTube bila kujisajili: [linki ya kipindi]
Kwenye Spotify au Apple Podcasts, tafuta jina la podikasti yetu, sehemu ya 14."

Mstari wa kwanza umebeba mada kwa makusudi. Kwenye orodha ya soga za WhatsApp mtu huona maneno machache ya mwanzo tu, na ujumbe mrefu hukatwa, anayetaka mengine abofye. "HATIMAYE" ilikuwa imekalia kiti hicho bila kazi. Namba ya kipindi nimeishusha chini kwa sababu inamsaidia anayetafuta, haimvutii mtu kubofya.

Ukibandika linki WhatsApp, subiri picha na kichwa vitokee kabla hujatuma. Ukiwahi sana, vinaweza visiende. Kichwa hicho kinatoka kwenye kipindi chenyewe, kwa hiyo kama ulikipakia kwa jina la "Sehemu ya 14", ndicho watakachosoma kwa herufi nene. Tulirudi tukakibadilisha: "Kotonii, maji ya moto na kuogelea: Bi Fulani wa Paje".

Kwa Instagram tuliondoa linki kwenye maelezo, kwani pale haibofyeki, tukaacha jina la kutafuta. Bayo ikawekewa linki ya kipindi hicho, na hapo maneno "linki iko kwenye bayo" yalikuwa sahihi.

Toleo la mwisho lilikuwa la Bi Fulani mwenyewe. Wenzake hawasomi matangazo marefu, basi tulimtumia linki na kumwomba arekodi ujumbe wa sauti wa nusu dakika: yeye ni nani, ameeleza nini, na wabofye wapi. Akaanza na salamu, akataja kotonii, akamaliza, "Bofyeni hiyo ya bluu hapo chini."