Sifa zote unazo, mbona huitwi? Soma wasifu wako kama mtu wa masjala

Wiki iliyopita msomaji wangu mmoja, binti aliyesomea ukutubi Bagamoyo, alinitumia Watsapu ndefu ya manung'uniko. Hospitali moja ya serikali ilitangaza nafasi ya mkataba ya msaidizi wa kumbukumbu, akaomba, na hata usaili wa mchujo hakuitwa. "Kaka, sifa zote ninazo. Au ndiyo mambo ya kujuana?" Nikamwambia anitumie wasifu wake pamoja na tangazo lenyewe, kwa sababu wasifu ukiusoma peke yake kila mtu anafaa. Ameniruhusu niandike, mradi nisimtaje.

Kujuana kupo, sitamdanganya mtu. Mimi mwenyewe niliwahi kukaa mbele ya jopo la taasisi moja, nafasi ni ya masjala, na masjalani ndiko nilikotoka. Swali la kwanza: kitabu cha kilimo kinapewa namba gani ya Dewey, ule mfumo wa kupanga vitabu maktabani? Nikajibu 630, kisha nikauliza kwa adabu majalada yao wanayapangaje. Wakatazamana. Nafasi akapewa mwingine, na nasikia hadi leo pale barua ya mwezi uliopita inatafutwa siku mbili. Sijasahau, na sina haja ya kujifanya nimesahau. Nilichofanya ni kuhakikisha kwamba nikikaa upande wa pili wa meza, wasifu wa mtu nausoma tangazo likiwa pembeni, mstari kwa mstari.

Tangazo la hospitali lilikuwa na mambo matatu ya msingi: kupanga na kutafuta majalada ya wagonjwa, kuchambua na kuhamisha majalada yasiyotumika, na kutunza siri. Mengine yalikuwa ya kawaida, uraia, umri, vyeti, na hayo alikuwa nayo.

Tuanze na upangaji. Nusu ukurasa wa kwanza wa binti huyu ulikuwa Koha, ile programu ya maktaba, Dewey, na MARC 21, muundo wa kuandikia taarifa za kitabu kwenye kompyuta. Alifanya kazi maktaba ya shule, anajua kuingiza kitabu kwenye Koha, anajua jina la kitabu linakaa uga wa 245. Kazi nzuri, na tangazo lingekuwa la maktaba ningemweka juu kabisa. Lakini Dewey hukusanya vitabu kwa mada, ndiyo maana vya magonjwa vyote utavikuta 616. Jalada la mgonjwa halipangwi kwa ugonjwa. Mama aliyekuja Machi na malaria, akarudi Juni amevunjika mkono, anapaswa kuwa na jalada lile lile na namba ile ile. Ukimpangia kwa mada, daktari wa Juni hataiona dawa iliyomdhuru Machi.

Hospitali nyingi zenye majalada ya karatasi hupanga kwa namba, na zenye wagonjwa wengi hutumia tarakimu za mwisho. Chukua namba 12-45-07. Huanzi na 12. Unakwenda kwenye sehemu ya 07 ya rafu, ndani yake unatafuta 45, kisha jalada la 12. Rafu nzima imegawanywa sehemu mia moja, kuanzia 00 hadi 99, na majalada mapya yanasambaa kote badala ya kurundikana mwisho mmoja, kwa hiyo watumishi watatu wanaweza kutafuta kwa wakati mmoja bila kupigana vikumbo. Jalada linapotoka, mahali pake panaachwa kadi inayosema limekwenda kliniki gani, lini, na nani kalichukua. Mwombaji akiandika "najua mifumo mbalimbali ya upangaji", mimi sina pa kumpa alama. Akiandika kwamba alipanga kwa tarakimu za mwisho na kutunza kadi hizo, najua ameshika rafu kwa mikono yake.

Nilipompigia simu kumweleza, akasema, "Kaka, hiyo mbona nilifanya nikiwa mafunzo kwa vitendo?" Wapi umeandika? Ukurasa wa tatu, mstari wa mwisho: "Nilisaidia shughuli za ofisi katika hospitali." Jamani! Jambo moja ambalo tangazo lilikuwa linalililia, kalizika chini ya orodha ya semina.

Na hapo hapo ndipo lilipokuwa jibu la hitaji la pili. Katika kuhoji nikagundua kwamba alishiriki kuondoa rafuni majalada ya wagonjwa ambao hawajahudhuria kwa muda mrefu. Kwenye wasifu neno lake lilikuwa "uhifadhi wa nyaraka", basi. Mimi katika kipengele hiki hutafuta vitu vitatu. Kwanza kigezo: jalada lilihesabiwa halitumiki kwa kuangalia nini? Kwa mgonjwa ni tarehe ya mwisho ya kuhudhuria, siyo tarehe jalada lilipofunguliwa, na anayechanganya hizo mbili atahamisha majalada ya wagonjwa wa kisukari wanaokuja kila mwezi. Pili orodha: namba ya jalada, namba ya boksi, boksi liko rafu gani, ili mgonjwa akirudi jalada lake lipatikane. Tatu idhini. Kumbukumbu za umma hapa Tanzania zinasimamiwa na Sheria Na. 3 ya 2002, na huteketezi kwa kuamua mwenyewe au kwa sababu chumba kimejaa. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa lazima ihusishwe. Nimewahi kusoma wasifu wa mtu anayejisifu kwamba "alichoma mafaili ya zamani na kupata nafasi". Sikuendelea na ukurasa wa pili.

Sasa siri, na hapa ndipo kama ningekuwa kwenye jopo hilo ningeuweka wasifu wake pembeni bila kusita. Aliandika "mwaminifu na mtunza siri", kama wanavyoandika wote. Kisha, ili kuthibitisha uzoefu, akaambatisha picha ya ukurasa wa rejesta aliyoijaza mwenyewe pale hospitali. Mwandiko mzuri kweli. Majina yanasomeka, umri, kijiji, namba ya simu, na safu ya mwisho ugonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Hata kama sheria isingekuwepo, yule mzee wa kijijini hakuja kutibiwa ili awe kiambatisho cha maombi ya kazi ya mtu. Nyie mnaotuma picha za mafaili, majalada ya nidhamu, barua zenye muhuri, ili muonekane mmefanya kazi kubwa: mnajichongea wenyewe. Ukitaka kuonyesha fomu, chora tupu.

Alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akaomba tuandike upya. Kiambatisho kikafutwa, pamoja na picha yenyewe kwenye simu yake. Koha ikashuka ukurasa wa pili. Juu tukaweka hivi: "Mafunzo kwa vitendo, kumbukumbu za afya: nilipanga majalada ya wagonjwa wa nje kwa tarakimu za mwisho, nilitunza kadi za majalada yaliyotoka, chini ya usimamizi, nilichambua yasiyotumika kwa tarehe ya mwisho ya kuhudhuria, nikayaorodhesha na kuyaweka kwenye maboksi, nilitoa jalada kwa fomu iliyosainiwa tu."

Hicho kipande cha fomu kitamletea swali kwenye usaili, nimemwambia ajiandae nalo. Mume wa mgonjwa amekuja dirishani, ana kitambulisho, ana cheti cha ndoa, anataka jalada la mkewe. Akinijibu kwamba atampa kwa kuwa ni mume, nimemaliza. Ninayemtafuta ni yule atakayesema: simpi, wala simwambii kama jalada lipo, namwelekeza kwa msimamizi wa kitengo na utaratibu wa ridhaa ya mgonjwa mwenyewe, na ombi lake naliandika kwenye rejesta.