Kliniki, mkoba, akiba na usafiri: kupanga mimba mwezi kwa mwezi

Wengi huandaa safari ya kujifungua kwa kutazama tarehe ya matarajio iliyoandikwa kwenye kadi. Hapo ndipo mipango inapoharibika. Mimba hukomaa tangu wiki ya 37, na mtoto anaweza kuja siku yoyote kuanzia hapo bila kuonekana njiti. Kwa hiyo mwisho wa maandalizi ni wiki ya 36, na kazi zote zipangwe kurudi nyuma kutoka hapo.

Tuchukue mfano wa mama anayeishi kijijini, nje ya Ifakara kwenye bonde la Kilombero. Zahanati iko jirani, ila hospitali yenye chumba cha upasuaji iko mjini, kilomita kama 25 kwa barabara ya udongo. Siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho ilikuwa 5 Juni 2025. Ongeza siku 7, rudi nyuma miezi 3: matarajio ni 12 Machi 2026. Wiki ya 36 inaangukia 12 Februari. Na Machi, kwa anayeijua Kilombero, ndiyo masika yanaingia. Mambo hayo mawili, tarehe na mvua, ndiyo yatakayoongoza mpango wake wote.

Miezi mitatu ya kwanza: hudhurio moja lenye mambo mengi

Mpangilio wa sasa una mahudhurio manane: la kwanza kabla ya wiki 12 kwisha, kisha wiki ya 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Kwa mama wetu hudhurio la kwanza lisipite 28 Agosti. Mengine ni 23 Oktoba, 4 Desemba, 1 Januari, 29 Januari, 12 Februari, 26 Februari na 12 Machi. Tarehe 1 Januari ni sikukuu, kwa hiyo aulize mapema atasogezewa siku gani. Muuguzi akimpa tarehe nyingine kwa sababu ya presha au damu, aifuate hiyo.

Hudhurio la kwanza ndilo refu kuliko yote. Atapimwa wingi wa damu, kundi la damu, virusi vya ukimwi, kaswende, malaria, mkojo, presha, uzito na urefu. Aende na mwenza wake, maana naye anapimwa, na ndiye atakayetafuta gari usiku. Asitoke kabla ya kuhakikisha mambo mawili yameandikwa kwenye kadi: tarehe ya hedhi ya mwisho na kundi la damu. Kama hedhi hakumbuki, ultrasaundi ifanyike mapema, na kwa vyovyote kabla ya wiki ya 24. Ile ya miezi ya mwisho inaweza kukosea umri wa mimba kwa wiki tatu, kwa sababu wakati huo watoto wameshatofautiana ukubwa. Ndiyo maana mama anayepewa tarehe mpya mimba ikiwa ya miezi minane asiifute ile ya mwanzo.

Hudhurio hili pia ndilo linaloanza kujibu swali la wapi pa kujifungulia. Aliyewahi kupasuliwa, mwenye mapacha, mwenye presha, aliyevuja damu nyingi uzazi uliopita au aliyezaa mara nyingi hapangi zahanati. Akijua Agosti kwamba ni hospitali, ana miezi sita ya kutafuta nauli. Akijua Februari, anakopa.

Septemba hadi Desemba: akiba kabla ya ukata

Katika miezi hii kliniki ina kazi ya kawaida. Vidonge vya SP vya kuzuia malaria huanza miezi mitatu ya kwanza ikishapita, vitatu kwa mkupuo, na huachana kwa mwezi mmoja au zaidi kati ya dozi na dozi. Anayetumia septrini kila siku hapewi SP, kwa hiyo alitaje hilo hata kama hajaulizwa. Vidonge vya kuongeza damu ni vya kila siku. Asivimeze kwa chai, maana chai huzuia madini ya chuma kuingia mwilini. Choo kikiwa cheusi asishtuke. Sindano ya pepopunda, kwa asiyewahi kuchomwa, ni mbili zinazoachana wiki nne, na ya pili iwe imeshapita angalau wiki mbili kabla ya kujifungua.

Sasa akiba. Huduma kwa wajawazito katika vituo vya serikali ni bure kwa sera, lakini vifaa vikiisha utaambiwa ununue, na usafiri na chakula cha msindikizaji hakuna anayekulipia. Makisio yawe ya gari la usiku, yasiwe ya bodaboda ya mchana. Tuseme gari ni shilingi 80,000, vifaa na nguo 60,000, chakula cha msindikizaji 30,000 na safari ya kurudi 40,000. Jumla 210,000. Bei za kwako zitakuwa tofauti. Namna ya kuhesabu ni ileile.

Kosa la kawaida ni kugawa kiasi hicho sawasawa mpaka mwezi wa mwisho. Kilombero mpunga unauzwa katikati ya mwaka. Januari kuna sare na madaftari ya shule, shamba linataka vibarua, na ghala linapungua. Kwa hiyo mama wetu aweke 60,000 Septemba, 60,000 Oktoba, 50,000 Novemba na 40,000 Desemba, na Januari asiitegemee kabisa. Mwenye mshahara au biashara ya kila siku anaweza kugawa anavyotaka. Mkulima afuate mavuno.

Pesa ikikaa kwenye simu, awepo mtu wa pili anayeijua namba ya siri, kwa sababu uchungu ukishika mama hataki kuulizwa namba. Sehemu ya nauli iwe taslimu, noti ndogondogo, ndani ya mkoba. Wakala hafungui saa nane za usiku, na dereva wa saa hiyo hana chenji. Kikoba nacho ni kizuri, ila kama mgao wake ni Aprili, hiyo si pesa ya uzazi huu.

Hudhurio la wiki ya 26 aulize tena wingi wa damu. Chini ya 11 ni upungufu, chini ya 7 ni hatari inayotaka hospitali. Mwenye damu pungufu akitokwa na damu kidogo tu anaelemewa, kwa hiyo hapa ndipo pa kutafuta ndugu wawili walio tayari kuchangia damu. Kama kundi lake ni hasi, jambo hili lisisubiri, kwa sababu wa kundi hilo ni wachache.

Januari: mkoba

Orodha ya vifaa iulizwe wodi ya wazazi ya pale atakapojifungulia. Ya jirani yako ilikuwa ya hospitali nyingine na mwaka mwingine. Kwa kawaida utatajiwa mpira wa kutandika kitandani, glavu za kuzalishia zilizofungwa jozi jozi, pamba rola moja, kibana kitovu, wembe mpya, bomba za sindano, pedi kubwa, sabuni, beseni na ndoo. Glavu zitazamwe tarehe ya mwisho na kama pakiti haijatoboka. Sindano ya uchungu usinunue ukaiweka kabatini: inataka kuhifadhiwa kwenye baridi, ikikaa joto nguvu inapungua, na ikichomwa bila usimamizi inaweza kupasua kizazi.

Khanga zinahitajika kama sita, na si lazima mpya. Khanga kuukuu iliyofuliwa na kuanikwa juani hunyonya maji vizuri kuliko mpya yenye wanga. Moja ya kutandika, moja ya kumfutia mtoto, moja ya kumfunika baada ya ile ya kwanza kulowa, mbili za mama na moja ya akiba. Ile ya tatu ndiyo husahaulika, halafu mtoto anabaki amefunikwa khanga yenye maji na anapoa. Kofia na soksi ziwekwe pamoja nayo.

Tengeneza mikoba miwili. Mdogo uwe na kadi, pesa, vifaa vya kuzalishia, hizo khanga na kofia. Huo unaingia chumba cha kujifungulia. Mkubwa una nguo nyingine za mtoto, gauni la mama linalofunguka kifuani, mswaki, chupa ya chai na kikombe. Huo unabaki na msindikizaji. Ukichanganya vyote, muuguzi ataomba kibana kitovu na shangazi atakuwa anachambua soksi. Mikoba iwe tayari hudhurio la wiki ya 34, yaani 29 Januari, mahali ambapo kila mtu nyumbani anapajua. Isifungiwe chumbani kwa ufunguo anaotembea nao baba.

Februari: usafiri

Tarehe 12 Februari muuguzi anapapasa tumbo kuona mtoto amelalaje. Akiwa ametanguliza makalio au amelala kingamo, mpango wa zahanati unakufa hapo hapo. Swali la kumuuliza siku hiyo ni moja: "Nikishikwa leo usiku, niende wapi?"

Dereva wawe wawili, wenye magari tofauti, na bei ya usiku iwe imeshakubaliwa. Namba zao ziandikwe kwenye karatasi ndani ya kadi, kwa kuwa simu inaweza kuzima. Bodaboda inafaa uchungu ukiwa mchanga na njia kavu. Haifai kwa anayetokwa na damu, mwenye degedege au aliyepoteza fahamu: atadondoka. Dharura kama hizo, au maumivu makali ya kichwa yenye kuona ukungu, zinapigiwa namba 115 ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, bila malipo. Mtoto aliyeacha kucheza, homa, au maji kuvunjika kabla ya wiki ya 37 navyo havisubiri tarehe ya kliniki.

Kuna jambo la barabara. Kama mvua imeanza na kuna korongo ambalo magari hulala njiani, mama wetu asisubiri uchungu kijijini. Wiki ya 37 au 38, yaani kati ya 19 na 26 Februari, ahamie mjini kwa ndugu, au kwenye nyumba ya kungojea kujifungua kama hospitali inayo. Nauli ya mchana ni ndogo, na tofauti yake na gari la usiku inaingia kwenye chakula cha wiki mbili tatu. Mikoba yote miwili aende nayo.

Machi na kurudi

Tarehe 12 Machi ikipita bila uchungu, si ya kungojea nyumbani mpaka "mtoto aamue". Ikifika 19 Machi, wiki 41, awe ameshaonwa hospitali.

Ile 40,000 ya kurudi isiguswe hata vifaa vikipungua, kwani aliyepasuliwa hapandi bodaboda kwenye mashimo. Na kabla ya kutoka wodini, chukueni tangazo la kizazi, ambalo ndilo mtaombea cheti cha kuzaliwa. Someni majina ya wazazi herufi kwa herufi mkiwa bado mezani kwa muuguzi. Kulirekebisha hapo ni dakika mbili; baadaye ni nauli nyingine ya kilomita 25.