Maswali na Majibu: Nyusi Zilizoinuliwa Ng'ambo ya Barabara

Niko juu ya baiskeli, mzee wa mtaani amekaa barazani ng'ambo ya barabara. Nikimpungia mkono, si nimeshamwamkia?

Hujamwamkia, umemjulisha tu kwamba umemwona. Shikamoo husemwa kwa mdomo, na marahaba yake mzee hawezi kuitoa kwa mkono. Kama gari zinapita na sauti haifiki, punguza mwendo, inua mkono wa kulia (hata kama breki inayokamata ni ya kulia), inamisha kichwa kidogo, kisha mkikutana jioni umwamkie kwa maneno bila kujitetea kwamba asubuhi ulipunga. Naona siku hizi vijana wa Ngamiani hapa Tanga wanampungia babu wa mtu kama wanavyompungia kondakta wa daladala, na wazee wanapokaa kimya vijana hudhani wamekubaliwa.

Mwenzangu kazini akiniona kwa mbali huinua nyusi zote mbili kisha anatabasamu. Mke wangu anasema huko ni kukonyezana. Nani yuko sahihi?

Mwenzako, ikiwa ulivyoeleza ndivyo ilivyo. Kukonyeza ni kazi ya ukope, tena wa jicho moja, na hufanywa ili wa tatu asione. Kuinua nyusi hufanywa waziwazi, na huenda hata mwenyewe hajui kwamba ameziinua. Katika miaka ya 1960 mtafiti wa Austria, Irenäus Eibl-Eibesfeldt, alizunguka na kamera yenye kioo cha pembeni, ambayo ilionekana kuelekezwa kwingine huku ikimpiga picha mtu asiyejua. Aliwapiga picha watu wa Samoa, Bali, Papua na kwingineko, na alipoitazama filamu polepole aliona jambo lile lile: mtu akimtambua mwenzake kwa mbali, nyusi hupanda, hukaa juu takriban sehemu moja ya sita ya sekunde, kisha hushuka, mara nyingi pamoja na tabasamu.

Muda huo mfupi ndio kipimo cha kumpa mke wako. Nyusi zikipanda na kushuka mara moja, hiyo ni salamu. Zikibaki juu huku macho yametulia juu yako, hapo kuna mshangao au kuna swali, na swali lenyewe mnalijua ninyi wawili. Wala usidhani kwamba kwa kuwa ishara hii imeonekana mbali hivyo basi unaweza kuitumia popote: Japani mtu mzima kumwinulia mwingine nyusi namna hiyo huhesabiwa utovu wa adabu.

Naendesha bajaji karibu na bandari ya Tanga. Baharia Mfilipino nilimuuliza kama anakwenda mjini, akaniinulia nyusi tu. Nikaondoka, akaanza kunikimbilia. Kosa langu ni nini?

Alikwambia ndiyo. Kwa Wafilipino, kama kwa Wasamoa, kuinua nyusi ni salamu na pia ni jibu la kukubali, na anayelitoa haoni haja ya kuongeza neno. Wewe ulilichukulia kama salamu, ukaona umejibiwa nusu, ukaenda zako ukamwacha abiria wako.

Usije ukajifunza somo hili kwa kupita kiasi, kwa sababu meli nyingine italeta Mturuki au Mgiriki, na kwao nyusi zilizoinuliwa ni hapana. Tazama kichwa. Mfilipino huinua nyusi huku kichwa kimetulia au kimeinuka kidogo sana, na uso hufunguka. Mturuki huinua nyusi na kidevu pamoja, kichwa kikarudi nyuma, kope zikashuka nusu, na mara nyingi ulimi hupiga "nts" ambayo wewe, kwa masikio ya hapa, utadhani amekufyonza. Hajakufyonza. Ukiwa mbali kiasi cha kutoona kidevu, usikisie: sogeza bajaji, uliza tena. Na Mgiriki usimwonyeshe kiganja kilichofunguliwa, vidole vimetanuka, karibu na uso wake, hata ukitaka kusema nauli ni elfu tano, maana kwao hilo ni tusi zito.

Je, kutikisa kichwa ni ndiyo au hapana?

Swali hili huja kila mwezi, na kila mwezi muulizaji hasemi kichwa kimetikiswa vipi. Andikeni: juu na chini, au kulia na kushoto? Kisha mniambie ni wapi, maana kwa Wabulgaria jibu hugeuka.

Nilimwita mtalii pale Raskazone kwa mkono, akanipungia na kuendelea na safari yake. Alinidharau?

Ulimwita kwa kiganja kutazama chini na vidole vikivutwa kwako, kama tunavyoita sisi. Ukiwa mbali, Mzungu huliona hilo kama kuagana, naye akakuaga. Kwao huita kwa kiganja kutazama juu, lakini wewe usijizoeze: ukirudi mtaani ukamwita mtu mzima kwa kidole kilichopinda juu, utaambiwa umemwita kama mbwa, nami sitakutetea.