Kabla hujaandika namba ya kalsiamu ya moyo

Wiki yako ya kwanza kwenye chumba cha siti skani hutaimaliza bila mtu kukusimamisha mlangoni: "Nimeambiwa nina 38. Ndiyo kusema mishipa yangu imeziba asilimia 38?" Hapana, wala haikaribiani na hilo. Lakini huwezi kumweleza akaelewa kama wewe mwenyewe hujui namba hiyo inapikwaje, kwa hiyo tuanzie jikoni.

Kipimo chenyewe ni kifupi. Hakuna sindano wala dawa ya kontrasti. Mgonjwa anabandikwa nyaya za ECG, anashika pumzi sekunde chache, na mashine inapiga picha pale moyo unapotulia kati ya pigo na pigo. Vipande vya picha vina unene wa milimita 3, umeme ni kV 120. Kwenye picha hizo damu na msuli wa moyo ni kijivu, mafuta yanayouzunguka ni meusi, na kalsiamu iliyojijenga kwenye kuta za mishipa inayolisha moyo inang'aa nyeupe.

Mwaka 1990 Arthur Agatston na wenzake walitoa njia ya kuugeuza weupe huo kuwa namba, na mpaka leo ndiyo tunayotumia. Doa lenye 130 HU au zaidi, yaani vipimo vya weupe kwenye picha ya siti skani, lenye ukubwa wa angalau milimita moja ya mraba, huhesabiwa kuwa kalsiamu. Kisha unatazama sehemu yake inayong'aa kuliko zote. Ikiwa kati ya 130 na 199, eneo la doa linazidishwa kwa 1; 200 hadi 299, kwa 2; 300 hadi 399, kwa 3; kuanzia 400, kwa 4. Unafanya hivyo kipande kwa kipande, halafu unajumlisha.

Tuchukue hiyo 38. Yote imo kwenye mshipa wa mbele, ule ambao programu inauandika LAD. Doa la kwanza limekatwa na vipande vitatu. Cha kwanza kina milimita 5 za mraba na kilele cha 245 HU: 10. Cha pili kina 6, kilele 390: 18. Cha tatu kina 4, kilele 180: 4. Chini kidogo kuna doa jingine la milimita 3 za mraba, kilele 210: 6. Jumla 38.

Sasa rudi kwenye kile kipande cha pili. Tuseme mgonjwa amelala tofauti kidogo, au picha ina chengachenga zaidi, na kilele kimesomeka 402 badala ya 390. Kwenye mshipa hakuna kilichobadilika, ila 18 imekuwa 24 na jumla ni 44. Basi mtu akirudi na 44 usimwambie ugonjwa umeongezeka. Na usichezee kV kwa huruma ya kupunguza mionzi. Ukishusha hadi 100 kalsiamu inang'aa zaidi, mpaka wa 130 haufanyi kazi tena, na namba inapanda bila sababu. Kama kituo chako kinataka kushusha, kiwe na utaratibu wake wa kusahihisha. Wewe peke yako usiguse.

Kosa langu kubwa halikuwa la mashine. Nilikuwa mgeni kama wewe, kituo nakiacha bila jina. Mama wa miaka 68, presha ya siku nyingi, hana maumivu ya kifua. Programu ilipaka rangi kila kitu chenye zaidi ya 130 HU, kama kawaida yake, mifupa ikiwemo, nami kazi yangu ilikuwa kubofya madoa ya mishipa tu na kuyapa jina. Nikapata LAD 38 na CX, mshipa unaozunguka upande wa kushoto, 176, jumla 214. Nikaridhika. Daktari mwandamizi akaja, akasimama nyuma yangu, akauliza: "Hiyo 176, mshipa wenyewe uko wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimebofya upinde mweupe, mnene, kwenye mfereji unaotenga chemba ya juu na ya chini upande wa kushoto. Ni kweli mshipa wa CX unapita hapo, ila ukiwa nje, ndani ya mafuta. Upinde wangu ulikuwa upande wa ndani, umegusana na msuli, bila hata uzi mweusi wa mafuta kati yao. Ile ilikuwa pete ya vali ya mitrali, ile iliyo kati ya chemba hizo mbili, iliyoshika kalsiamu, jambo la kawaida kwa akina mama wa umri huo. Nikaifuta, ikabaki 38. Tangu siku hiyo sibofyi doa kabla sijapanda na kushuka vipande kuona mshipa ukiingia ndani yake na ukitoka. Stenti ya zamani, kile kibomba cha waya kinachotanua mshipa uliobana, nayo huipandisha namba vilevile, kwa hiyo uliza historia kabla mgonjwa hajalala mezani.

Na tofauti ya 214 na 38 si ya karatasi tu. Utafiti wa MESA wa Marekani uliwafuatilia watu ambao mwanzoni hawakuwa na ugonjwa wa moyo unaojulikana. Matokeo ya 2008, ya watu 6,722 waliofuatiliwa kwa takriban miaka minne, yalionyesha kwamba waliokuwa na 101 hadi 300 walipata matukio ya moyo zaidi ya mara 7 ya wenye sifuri. Lakini mara 7 ya nini? Katika watu wote hao, waliopata matukio walikuwa 162. Ukimtamkia mgonjwa hiyo "mara 7" peke yake utamnyima usingizi bure. Afadhali hesabu ya miaka 10 ya utafiti huohuo: kwa wenye sifuri, waliopata tatizo la moyo au kiharusi walikuwa kati ya asilimia 1.3 na 5.6 kutegemea umri, jinsia na asili yao. Kwa waliozidi 300, kati ya 13.1 na 25.6.

Umri nao una neno. Namba 60 kwa mwanamume wa miaka 45 ni kubwa. Wengi wa rika lake wana sifuri. Kwa mzee wa miaka 75 ni ndogo. Majedwali ya MESA ya kulinganisha rika ni ya Wamarekani weupe, weusi, wenye asili ya Uchina na wa Kilatino, kwa hiyo ukiyatumia kwa mtu wa Tanga, taja kwenye ripoti kwamba ndiyo uliyotumia.

Kwa nini kalsiamu itabiri mshtuko, wakati mara nyingi kinachopasuka ni utando laini wa mafuta kwenye ukuta wa mshipa? Kwa sababu penye kokoto nyingi, utando laini haukosi. Kalsiamu ni kovu la ugonjwa, haituambii njia imebana kiasi gani. Ndiyo maana pia sifuri si hati ya usalama kwa kijana anayevuta sigara, na mwenye maumivu ya kifua leo asipewe sifuri akaenda nalo nyumbani. Huyo anahitaji vipimo vingine, na haraka.

Jambo moja linalowachanganya hata madaktari: dawa za statini, zile za kushusha kolesteroli, huweza kuipandisha namba, kwa kuwa utando ukitulia hugumu na kung'aa zaidi. Mtu anayezimeza akirudi baada ya miaka na namba iliyopanda, hiyo si ishara kwamba dawa imeshindwa.

Yule mama alikuja dirishani kuchukua majibu. Nikamwambia, "Mama, 38 si asilimia. Ni kipimo cha kalsiamu tuliyoiona kwenye mshipa mmoja. Haijasema umeziba." Akauliza kama aendelee na dawa za presha. Nikamwambia asiache hata siku moja, na karatasi ampelekee daktari aliyemtuma.