Mizizi ya x³ − 3kx + 2 = 0

Swali: "Mlinganyo huu una mizizi halisi mingapi kwa kila k? Mwenzangu anasema k ikizidi 0 tu ni mitatu."

Mwenzako amefika nusu ya njia. Mteremko wa f(x) = x³ − 3kx + 2 ni 3x² − 3k. Kama k ≤ 0, grafu haigeuki kushuka popote, kwa hiyo mzizi ni mmoja. Kama k > 0, kuna kilele kwenye x = −√k na bonde kwenye x = √k. Yeye aliishia hapo, lakini grafu inaweza kuwa na kilele na bonde, vyote juu ya mhimili wa x.

Sasa pima urefu wa vituo hivyo viwili. Kwenye kilele unapata 2 + 2k√k, ambayo ni chanya daima. Kwenye bonde unapata 2 − 2k√k, na hapa ndipo penye uamuzi. k ikiwa kati ya 0 na 1, bonde liko juu ya mhimili: mzizi mmoja tu, upande wa hasi. k ikizidi 1, bonde linazama chini: mizizi mitatu.

Kwa k = 1 bonde linagusa mhimili, maana x³ − 3x + 2 = (x − 1)²(x + 2). Mizizi tofauti ni miwili, 1 na −2, ila 1 imejirudia. Angalia swali lako linataka uihesabu vipi. Wasahihishaji hawakubaliani hapo.

Na yule aliyeuliza kuhusu −2 mahali pa +2: safari hii bonde ni hasi daima, chunguza kilele.